Kibubu Kipi Kinajaa: Chenye Ufunguo au Kisicho na Ufunguo?

Chukua visanduku viwili vya chuma. Fundi ni mmoja, ukubwa ni uleule, na kila kimoja kina kufuli na tundu jembamba juu la kupitishia noti na sarafu. Cha kwanza unampa mtu pamoja na ufunguo wake. Cha pili unakitoa kikiwa kimefungwa, na ufunguo unabaki mkononi mwa mtu mwingine, ambaye hatafungua mpaka mwenye kisanduku atimize kiasi alichojipangia. Kila mmoja anakwenda nacho nyumbani. Mwaka ukipita, ni yupi atakuwa ametumia fedha nyingi zaidi kwa lile jambo alilokuwa akiliwekea akiba?

Jibu kwanza, kisha endelea kusoma. Nimewauliza swali hili majirani, wauza genge, vijana wa bodaboda na wafanyakazi wenzangu, na wengi wamechagua cha pili bila kusita. Sababu yao inaeleweka: mtu mwenye ufunguo atafungua, na akishafungua atatumia. Ndiyo maana vibubu vingi vya Dar es Salaam, vile vya mbao vinavyouzwa barabarani, hupigiliwa misumari pande zote. Havina mlango. Siku ya kutoa fedha ni siku ya kuvunja.

Sehemu mpya ya podikasti yetu inaanzia kwenye swali hilo, kwa sababu watu wawili walilifanyia jaribio la kweli, na jibu walilolipata si lile la majirani zangu.

Jaribio lilifanyika magharibi mwa Kenya. Waliolifanya ni wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Walikwenda kwa watu ambao tayari walikuwa kwenye vikundi vya kuchangishana, vile ambavyo Kenya huitwa chama au meri-go-raundi na Tanzania huitwa mchezo au upatu. Vikundi vilikuwa 113. Wanachama wote walizungumziwa umuhimu wa kuweka akiba kwa ajili ya afya: kununua chandarua, dawa ya kusafishia maji ya kunywa, au kujiandaa kwa siku ya ugonjwa. Baada ya hapo vikundi viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi havikupewa kitu zaidi ya maneno hayo. Wanachama wa vikundi vingine walipewa kisanduku chenye ufunguo, wengine kisanduku ambacho ufunguo wake ulibaki kwa ofisa wa mradi, na vikundi vilivyobaki vilipewa mipango ya kuweka akiba pamoja, ambayo nitaieleza baadaye kidogo.

Mwaka mmoja baadaye, waliopewa kisanduku chenye ufunguo walikuwa wametumia kwa kinga za afya kiasi kilichozidi kile cha wasiopewa kitu kwa takriban asilimia 66. Kisanduku kilichofungwa, kile ambacho wengi wetu tungekichagua, hakikuleta tofauti ya kuaminika katika matumizi hayo.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilirudi nyuma kuhakikisha sijachanganya vile visanduku viwili. Chenye ufunguo kilifanya kazi. Kisicho na ufunguo hakikufanya. Na chenye ufunguo hakikuwa na maajabu yoyote. Fundi yeyote wa mtaani angeweza kukitengeneza kwa bei ndogo, na mwenye kukihitaji angeweza kukiagiza hata kabla wachumi hawajafika.

Tuanze na hiki kilichofanya kazi. Kama kufuli halikumzuia mwenyewe, lilimzuia nani?

Fikiria fedha inavyokaa katika nyumba nyingi. Iko kwenye pochi, kwenye kanga kiunoni, chini ya godoro, au ndani ya kopo la sukari. Fedha hiyo haina jina. Mtoto akitaka andazi, inatoka. Jirani akija na shida, inatoka. Shemeji akipiga hodi, mwenye nyumba anajua kwamba anayo, na shemeji naye anaona kwamba anayo, kwa hiyo kusema "sina" ni uongo unaomchoma. Washiriki walipoulizwa kisanduku kiliwasaidiaje, walieleza kwamba kilipunguza matumizi madogo ya hapa na pale ambayo hawakuyapanga, na kwamba kiliwarahisishia kukataa maombi ya watu wengine. Kiasi kilichokwisha kuingia kwenye lile tundu kilikuwa kimeshapata kazi yake. Mtu aliweza kusema bila kuona haya kwamba fedha iliyobaki ni ya chandarua.

Zingatia kwamba hata wale wasiopewa kitu walihimizwa kuweka akiba ya afya. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni mahali pa kuitenga fedha hiyo na ile ya unga na mafuta ya taa. Jambo hili linanigusa, kwa sababu tumezoea kumlaumu anayeshindwa kuweka akiba kwamba hana nidhamu, na mara nyingi lawama hizo tunawapa akina mama wanaolisha familia kwa biashara ya karai moja la vitumbua. Jaribio hili linaonyesha kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa ndogo na ya kushikika: kisanduku hakikuwepo.

Sasa kile cha pili. Kwa nini ufunguo kukaa kwa mwingine kuliharibu mambo? Hapa nataka tutembee polepole kwa mfano, na nitauleta Dar es Salaam ili hesabu iwe ya shilingi zetu.

Tuseme kuna mama anauza vitumbua Mbagala. Mwezi Januari mtoto wake anahitaji sare, viatu na madaftari, jumla shilingi 90,000. Anaamua kutia shilingi 1,000 kila siku kuanzia tarehe 1 Oktoba. Siku za Oktoba, Novemba na Desemba ni 92, kwa hiyo akitia bila kukosa atafunga mwaka akiwa na 92,000. Mpango ni mzuri.

Tarehe 10 Novemba kibubu kina 41,000. Usiku huo mtoto anapata homa kali, na matibabu pamoja na nauli ni 15,000. Kama kibubu ni kile cha misumari, mama ana njia mbili, na zote ni mbaya. Anaweza kukivunja. Akikivunja, 41,000 yote iko mezani. Anatoa 15,000 ya hospitali, na 26,000 inayobaki haina tena mahali pake. Kwa siku chache inalipa deni dukani, inanunua unga, inamsaidia mtu, na kabla ya mwezi kwisha hakuna kibubu wala fedha. Njia ya pili ni kukiacha kibubu na kukopa, pengine mkopo wa simu wenye ada. Hapo anakuwa mtu mwenye akiba ndani na deni nje, na ada ya deni inakula akiba kidogo kidogo.

Mama mwenye ufunguo anafungua, anatoa 15,000, anafunga. Ndani inabaki 26,000. Siku zilizobaki hadi mwisho wa Desemba ni 51. Akiendelea na 1,000 kwa siku atafika 77,000, kwa hiyo atapungukiwa 13,000. Lakini akiongeza shilingi 300 kila siku, atakuwa ametia 1,300 mara 51, yaani 66,300, na jumla itakuwa 92,300. Homa imepita na sare zimenunuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi kuliko hesabu hiyo. Mama hahitaji kusubiri homa ifike ndipo aiogope. Anajua mapema kwamba mtoto anaweza kuugua, kwamba msiba unaweza kutokea, kwamba mvua inaweza kumharibia biashara kwa wiki nzima. Akijua kwamba fedha ikishaingia haitoki, mkono unasita juu ya tundu tangu siku ya kwanza. Anatia 1,000 leo, kesho anatia 500, keshokutwa anasema ngoja kwanza. Kisanduku kilichofungwa kikali hukaa tupu kwa sababu mwenyewe ana busara. Washiriki wa jaribio hawakutaka kufungia fedha zao kwenye kitu kimoja cha kinga wakati hawakujua ugonjwa utaingia lini nyumbani.

Hapo ndipo mpango mwingine wa jaribio unapopendeza. Kuna waliofunguliwa akaunti ndogo kwa mweka hazina wa kikundi chao, mahsusi kwa dharura za afya. Akaunti hiyo haikuwa na faida kubwa kwa kununua vitu vya kinga, lakini ugonjwa ulipotokea, waliokuwa nayo waliweza kuukabili. Iliwafaa pia watu wa aina fulani: wale ambao ndugu na marafiki huwaomba mara kwa mara. Katika kila ukoo wapo. Ni yule mwenye kibanda, mwenye mshahara, au mwenye moyo laini tu, ambaye simu yake haikai kimya tarehe za mwisho wa mwezi. Kwake yeye, fedha iliyopewa jina la dharura ya afya na kukaa kwa mweka hazina ilikuwa kinga.

Kwa hiyo yule mama wa vitumbua angekuwa salama zaidi akiwa na makopo mawili. La kwanza la sare, la pili la dharura, hata kama la pili anatia shilingi 200 tu. Homa ya Novemba ingegonga kopo la pili kwanza.

Lakini mpango uliovipita vyote katika jaribio hilo haukuwa kisanduku. Ulikuwa mchezo ndani ya mchezo. Wanachama, pamoja na mchango wao wa kawaida, walichanga kiasi kidogo cha ziada kwenye chungu cha afya, na kila zamu mtu mmoja alipokea chungu hicho kwa ajili ya kitu cha afya alichokitaja. Matumizi yao ya kinga yalizidi ya wasiopewa kitu kwa takriban asilimia 128, yaani zaidi ya mara mbili. Na ndio uliowasaidia hata wale ambao kisanduku hakikuwatosha, watu ambao leo huwashinda kesho: wanapanga vizuri asubuhi, jioni fedha imekwisha.

Yeyote aliyewahi kucheza upatu anajua kwa nini. Siku ya mchango, kijumbe anapita. Wenzako wametoa. Mtu ambaye zamu yake ni leo amekaa anasubiri, na ana mipango yake. Usipotoa, unamwangusha mtu unayemfahamu kwa uso. Kwenye kibubu unajidai mwenyewe, na deni la namna hiyo tunalisamehe upesi mno.

Nisikuache na picha nzuri kupita kiasi. Waliojaribiwa walikuwa tayari wanachama wa vikundi, maana yake walikuwa na mazoea ya kuchanga na walikuwa wakiaminiana. Mtu asiye na kipato cha kila siku, au anayeishi kwa deni, hawezi kuokolewa na kisanduku. Fedha ya ndani hailipi riba, na bei zikipanda inapungua nguvu ikiwa palepale. Mwizi anaweza kukibeba chote. Mchwa na unyevunyevu huharibu noti kwenye vibubu vya mbao, na tundu likiwa pana, kijana mwenye waya anavua noti bila kugusa kufuli. Kwa hayo, kisanduku ni cha akiba ya wiki au miezi michache. Kiasi kikishakuwa cha kukunyima usingizi kikipotea, kipeleke benki, kwenye saccos au kwenye simu, kisha anza upya.

Na utajuaje kwamba chako kinafanya kazi? Kaa na daftari karibu nacho. Andika tarehe, kilichoingia, kilichotoka na sababu ya kutoka. Ukiona umetoa mara nyingi, kidogo kidogo, kwa sababu zisizofanana, kisanduku kimegeuka pochi. Mpe mtu unayemwamini ufunguo akae nao, lakini awe wa karibu, mtu unayeweza kumfikia usiku wa dharura. Ukiona hujatoa hata mara moja ila unachotia kinapungua wiki hadi wiki, huenda umekifunga kwa ukali kuliko maisha yako yanavyoruhusu. Anzisha kopo la dharura. Na ukiona siku usizotia ni zile ambazo mtu fulani amepita nyumbani, tia asubuhi kabla hajaja.

Limebaki swali moja ambalo sitalijibu hapa, kwa sababu ndilo linachukua nusu ya pili ya podikasti: nyumba ikiwa na watu wawili, ufunguo akae na nani? Swali hili lina historia. Mwaka 2002 wachumi Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichapisha utafiti wao kuhusu vikundi vya kuchangishana vya Kibera, Nairobi. Waliona kwamba wengi wa wanachama ni wanawake, na maelezo yao yalikuwa kwamba mwanamke anayeishi na mume huchanga ili akiba yake itoke nyumbani, isifikiwe na matumizi ambayo mume angeyataka sasa hivi. Mchezo ulikuwa kibubu ambacho ufunguo wake hauko ndani ya nyumba kabisa. Je, hilo ni siri ya ndoa au ni busara ya ndoa? Wake na waume tuliowakaribisha hawakukubaliana, na hatukuwalazimisha.

Sasa, jinsi ya kusikiliza.

Kama una simu janja, fungua programu unayotumia kusikilizia, iwe Spotify, Apple Podcasts au YouTube. Gusa alama ya kutafutia na uandike jina la gazeti hili. Sehemu mpya iko juu kabisa ya orodha, na kichwa chake ni hichihiki cha makala. Ukibonyeza kitufe cha kufuata, sehemu zijazo zitakufikia zenyewe bila kutafuta tena.

Usisikilize moja kwa moja kwa bando kama huna la kutosha. Mazungumzo yana urefu wa dakika 40 hivi. Sauti ikihifadhiwa kwa ubora wa chini wa kilobiti 64 kwa sekunde, ambao kwa maneno matupu unatosha kabisa, inakula karibu MB 20. Ubora ukiwa mara mbili, nayo MB zinakuwa mara mbili. Kwenye Spotify au Apple Podcasts tafuta mshale wa kupakua, ubonyeze ukiwa kwenye waifai, kisha sikiliza popote bila intaneti. Watumiaji wa YouTube washushe ubora wa picha hadi 144p kabla ya kuanza, maana picha ndiyo inayomaliza bando. Asiye na simu janja aketi na mwenye nayo, waunganishe spika ya bluetooth na kusikiliza pamoja. Kwa kikundi cha mchezo nashauri hivyo hata kama kila mmoja ana simu yake, hasa siku ya mchango, kijumbe akiwepo.

Kabla ya kubonyeza, chukua karatasi na uandike mambo mawili: fedha ya akiba nyumbani kwako inakaa wapi leo, na ni nani wanaojua kwamba iko hapo. Katikati ya mazungumzo utasikia kengele. Simamisha. Kama unasikiliza na mwenzi wako, kila mmoja aandike kwa siri jina la mtu anayepaswa kushika ufunguo, mkunje karatasi, muendelee kusikiliza hadi mwisho, kisha mzifungue pamoja.